Mwanga Ukutani, Mtetemo Mkononi: Nilivyopanga Arifa za Simu Nikiwa Kiziwi Mjini Lamu

Niliacha kusikia nikiwa na umri wa miaka 23, baada ya homa ya uti wa mgongo. Sauti yangu ilibaki, na kwa muda mrefu mke wangu ndiye aliyenigusa bega kila simu ilipoita, kwa hiyo sikuwahi kulazimika kufikiria namna ambavyo simu yenyewe ingeweza kunifikia. Alipokwenda Malindi kumuuguza mamake, nilibaki peke yangu katika nyumba yetu ya mawe mtaani Mkomani. Usiku mmoja mama mkwe alizidiwa wakamkimbiza hospitali. Mke wangu alinipigia, akaniandikia, akanipigia tena, na simu ilikuwa karibu na kichwa changu ikitetemeka juu ya godoro la sponji bila mimi kuhisi chochote. Niliyasoma maneno yake mchana umepanda, mashua za kuvuka hadi Mokowe na mabasi ya asubuhi yameshaondoka. Nilipofika Malindi siku ya pili yake, mama mkwe alikuwa amepata nafuu, lakini mke wangu alikuwa amekesha peke yake kwenye benchi la wodini. Aliniandikia kwenye simu yake: "Sikulaumu, Baba Khadija. Nilitaka tu ujue."

Uchungu wa maneno hayo ndio ulionifanya nilichukue jambo hili kwa uzito. Ninaandika kwa ajili ya viziwi wenzangu, wale wenye usikivu hafifu, na jamaa zao, kwa sababu maelezo mengi niliyokuta yalikuwa yanaishia kwenye kusema "washa taa ya arifa", na mimi taa hiyo nilikuwa nimeiwasha zamani.

Jambo la kwanza nililojifunza ni kwamba taa na mtetemo ni hatua ya mwisho tu ya safari ndefu. Ujumbe hutoka kwa mtumaji, ukapita kwenye mtandao, ukaifikia programu ndani ya simu, programu ikaruhusiwa kuamka, kisha ikaamuliwa kama ujumbe huo unastahili kukushtua au ukae kimya hadi utakapoitazama skrini. Kizuizi kikiwa mahali popote katika safari hiyo, taa haitawaka hata kama imewekwa sawasawa, na kwa asiyesikia hakuna dalili yoyote itakayomwonyesha kwamba kuna kilichozuiliwa. Simu iliyozuiwa na simu isiyopigwa huonekana sawa.

Kwenye simu yangu, ambayo ni ya Android, nilikuta vizuizi vitatu. Cha kwanza kilikuwa hali ya Silent. Asiyesikia huona hakuna faida ya mlio, akaizima sauti kabisa, na katika simu nyingi za Android hali hiyo huondoa mtetemo pamoja na mlio. Inayotufaa ni hali ya Vibrate, kisha ndani ya sehemu ya Sound & vibration, kwenye Vibration & haptics, mtetemo wa simu inayoita na ule wa arifa uwashwe, na kama simu inaruhusu kuchagua nguvu yake, upelekwe hadi mwisho. Kizuizi cha pili kilikuwa uangalizi wa betri. Ili chaji idumu, simu huzilaza programu ambazo hazijafunguliwa kwa muda, na ujumbe wa WhatsApp ukawa unaingia kwa wingi kwa pamoja pale tu ninapoigusa simu. Hiyo ndiyo dalili ya kutafuta: ukiifungua simu asubuhi ukakuta ujumbe wa saa tofauti za usiku ukimiminika wote kwa mara moja, ujue programu ilikuwa imelazwa, au data haikuwapo. Dawa yake iko kwenye Settings, Apps, WhatsApp, kisha sehemu ya betri, ambapo utachagua Unrestricted. Baadhi ya simu huja pia na programu ya kiwandani ya kuokoa chaji, nayo ina orodha yake pekee ambayo lazima WhatsApp iondolewe humo.

Kizuizi cha tatu ndicho kilichonichukulia muda mrefu kukigundua. Tangu Android 8, kila programu huzigawa arifa zake katika mafungu, na kila fungu lina ruhusa yake. Ujumbe wa mtu mmoja una fungu lake, wa makundi una lake, na simu zinazoita zina lake. Kidole kikiteleza kwenye arifa moja na kuchagua Silent, fungu lake zima hunyamaza, wala hakuna kitakachokukumbusha. Kwangu, fungu la ujumbe wa kawaida wa simu lilikuwa kimya, na humo ndimo zinamoingia taarifa zote za M-Pesa na za hospitali. Nililirudisha kuwa Default, na tangu hapo likaanza kutoa mtetemo na taa.

Baada ya hapo ndipo nilipoirudia taa. Kuanzia Android 14 mpangilio huu uko kwenye Settings, Accessibility, Flash notifications, na ndani yake mna mambo mawili. Camera flash huimulika tochi ya kamera iliyo nyuma ya simu, na Screen flash huijaza skrini rangi moja unayoichagua mwenyewe. Simu za Samsung zilikuwa na mpangilio huo hata kabla ya toleo hilo. Kwa wenye iPhone, utafute LED Flash for Alerts ndani ya Accessibility, kwenye sehemu ya Audio & Visual, na uhakikishe kwamba Flash in Silent Mode nayo imewashwa.

Kuna tofauti moja ambayo ningependa kila mwenye kuutegemea mwanga huu aijue. Ujumbe ukiingia, taa humweka kwa muda mfupi sana, kisha imekwisha. Simu ya kawaida inapoita, taa huendelea kumweka hadi mlio utakapokoma. Maana yake ni kwamba ukiwa umegeuka kuchukua uzi, au umefumba macho kusoma dua, ujumbe utakupita, na simu inayoita haitakupita. Nilipolielewa hilo, nilibadilisha kabisa namna familia yangu inavyonitafuta. Mtu mwenye jambo la haraka hanitumii ujumbe kwanza. Ananipigia simu ya kawaida, anaiacha iite hadi ikatike yenyewe, kisha ndipo anapoandika. Sijibu simu hiyo, kwa hiyo mpigaji hatozwi chochote. Kubipu kwa kukata haraka hakutoshi, kwa sababu kunanipa mwanga mfupi uleule wa ujumbe.

Simu ya kawaida ina faida ya pili, nayo ni kwamba haihitaji bando wala intaneti. Mei 2024, nyaya za chini ya bahari zilipokatika na intaneti ikadorora katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, ujumbe wa WhatsApp ulikuwa ukikwama, ilhali simu za kawaida zilikuwa zikipita.

Sasa nieleze kuhusu mahali taa inapoelekea, maana hapa ndipo wengi wanapokata tamaa. Tochi ya kamera iko nyuma ya simu. Ukiilaza simu mezani skrini ikiwa juu, mwanga wote unaishia kwenye ubao wa meza. Ukiilaza kifudifudi, mwanga unapanda darini, na dari za nyumba zetu za zamani ni boriti nyeusi za mikoko ambazo hazirudishi mwanga wowote. Kuta zetu, kwa upande mwingine, zimepakwa chokaa nyeupe, na chokaa huutawanya mwanga vizuri sana. Nilichonga kijiti cha mbao chenye mfuo wa kusimamishia simu, nikakiweka karibu hatua moja kutoka ukutani, mgongo wa simu ukiutazama ukuta. Tochi inapomweka, ukuta mzima unang'aa, nami ninauona mwanga hata nikiwa nimeelekea upande mwingine, kwa kuwa pembe za macho yetu ni hodari wa kutambua kitu kinachowaka na kuzima. Kijiti hicho hakikunigharimu chochote, na kimenifaa kuliko vitu kadhaa nilivyovinunua.

Kwa usiku, hata hivyo, mwanga peke yake sitaupendekeza kwa mtu yeyote. Nililala nao chini ya chandarua, simu ikiwa imeelekea ukutani, nikamwomba mpwa wangu anipigie nikiwa usingizini bila kuniambia siku. Aliniambia ukuta ulimweka na kumweka, nami sikujigeuza. Baadaye nilisoma kwamba watafiti Bruck na Thomas wa Chuo Kikuu cha Victoria, Australia, waliwahi kulipima jambo hili mwaka 2007 kwa watu wazima wenye usikivu hafifu. Taa za kumweka ziliwaamsha wachache tu kati yao, ilhali kifaa cha kutikisa kitanda kiliwaamsha walio wengi. Kope zilizofumbwa huzuia sehemu kubwa ya mwanga, na mtu aliyelala kiubavu akiwa ameupa ukuta kisogo hupata mdogo zaidi.

Usingizi unaamshwa kwa mguso, na mguso lazima ufike mwilini. Mota ya simu ni ndogo sana, na sponji huumeza mtetemo wake kabla haujafika kwenye shavu. Kuiweka simu chini ya mto kunasaidia kidogo, lakini hugeuka nayo ikateleza, na kuiacha hapo ikiwa kwenye chaji ni hatari, kwa sababu betri hutoa joto na mto hulizuia lisitoke. Vipo vitikisa vya kitanda vilivyotengenezwa kwa ajili yetu, kisahani kizito chenye mota kubwa kinachowekwa chini ya godoro au mto, lakini vile nilivyoviona vilitakiwa kuagizwa kutoka mbali na vingi hutegemea umeme wa ukutani. Mimi niliamua kununua bangili ya kidijitali, ile inayovaliwa kama saa na kuunganishwa na simu kwa Bluetooth. Niliipata Mombasa kwa shilingi 3,500.

Bangili hiyo ilinishinda kwa wiki za mwanzo, na karibu niiuze. Mchana ilitetemeka vizuri, usiku ikawa kimya. Sababu zilikuwa mbili. Ya kwanza ni kwamba ilikuwa na hali yake yenyewe ya usingizi: ikihisi mwenye kuivaa amelala, inazima arifa ili asisumbuliwe. Ni huruma kwa mwenye kusikia, na kwetu ni mlango uliofungwa. Niliizima hali hiyo ndani ya programu ya bangili, nikaiweka programu yenyewe kuwa Unrestricted kama nilivyoiweka WhatsApp, maana simu ikiilaza programu, bangili haina wa kuipelekea habari.

Sababu ya pili ni nyumba yetu. Bluetooth ya vifaa hivi huhesabiwa kufika takriban mita 10 mahali pa wazi. Kuta za nyumba za Mji wa Kale wa Lamu ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene kiasi cha nusu mita, na nilipoiacha simu kwenye chaji katika chumba cha ndani nikalala chumba cha mbele, mawasiliano yalikatika ingawa umbali ulikuwa wa hatua chache. Unaweza kulipima hili kwa dakika chache: iache simu mahali pake pa kawaida, nenda mahali unapolala, kisha mtu akupigie. Baada ya hapo fungua programu ya bangili uone kama bado inasema imeunganishwa. Bangili yangu ina mpangilio wa kutetemeka inapoipoteza simu, nikauwasha, na sasa nikivuka ukuta bila kukusudia ninajulishwa papo hapo. Simu na mimi tunalala chumba kimoja, hakuna njia nyingine.

Namna ya kuivaa nayo ina maana. Ikiwa legelege, mtetemo unaishia kwenye plastiki. Mimi huikaza kiasi cha kupenya ncha ya kidole kimoja, na usiku ninakigeuza kioo chake kiwe upande wa ndani wa kifundo, ambapo ngozi ni laini. Nilipojaribiwa tena na mpwa wangu kwa mpango uleule wa kutoniambia siku, niliamka, nikamkuta amesimama mlangoni na simu mkononi akicheka kwa furaha.

Hata hivyo, kuamshwa na kila kitu ni sawa na kutoamshwa na chochote. Makundi ya mtaa, matangazo ya ofa na salamu za usiku zilinitikisa mkono hadi nikawa naivua bangili usingizini. Niliamua kutumia Do Not Disturb kuanzia saa nne za usiku, nikiruhusu simu za watu niliowawekea nyota pekee: mke wangu, shemeji zangu wawili, mpwa wangu na jirani. Niliwasha pia ruhusa ya wanaopiga kwa kurudia, ambayo kwenye Android humpitisha mtu yeyote akipiga mara ya pili ndani ya dakika 15, hata kama hana nyota. Ruhusa hii ni muhimu kuliko inavyoonekana, kwa sababu habari za dharura mara nyingi huletwa na namba usiyoijua, ya muuguzi au ya msamaria aliyeko barabarani. Jamaa zangu wote wanajua sasa kwamba jambo la usiku hupigiwa mara mbili.

Kazini hali ni tofauti kabisa. Mimi ni fundi cherehani, na cherehani ya umeme hutikisa meza, viti na mikono. Mtetemo wa bangili unapotea ndani ya mtikiso wa mashine, na nadhani nahodha wa mashua yenye injini au mwendesha bodaboda atakutana na shida hiyohiyo. Hapo mwanga ndio unaotangulia. Lakini mwanga nao una adui yake, nalo ni jua: mlango wa duka langu uko wazi kutwa, na tochi ya simu haiwezi kushindana na mwangaza wa njiani. Nililihamisha dawati hadi nikaupa mlango mgongo, nikakiweka kijiti cha simu kwenye kona yenye kivuli mbele yangu, juu kidogo ya usawa wa sindano. Kwa kuwa simu iko mbele ya macho, nimewasha na Screen flash. Nilichagua rangi ya bluu iliyokolea baada ya kuona kwamba manjano inafanana mno na miale ya jua inayocheza ukutani.

Kuhusu mlango wa nyumbani sina mengi. Kwetu mgeni hupiga hodi kwa sauti akiwa dakani, kwenye kibaraza cha mlangoni, na sauti hiyo kwangu haipo. Nilinunua kengele isiyo na waya ambayo kipokezi chake humweka taa. Kilipokuwa chumbani hakikupata mawimbi, kwa sababu ya kuta zilezile, na nilipokihamishia kwenye ua wa ndani, ambako juu ni wazi, kikaanza kufanya kazi. Atakayenunua achague kipokezi kinachotumia betri, kwani umeme ukikatika kile cha soketi hufa.

Kuna mambo mawili ambayo mpango huu haupaswi kubebeshwa. Simu za Android zina huduma ya Sound Notifications na iPhone zina Sound Recognition, ambazo husikiliza mlio wa king'ora cha moshi, mtoto anayelia au mlango unaogongwa, kisha zikakupa mwanga na mtetemo. Nimeiwasha, na inanisaidia kiasi, lakini hukosea, na kampuni ya Apple yenyewe inaonya kwamba huduma yake isitegemewe pale ambapo maisha yako hatarini. Kwa moto ninamtegemea jirani mwenye ufunguo. Jambo la pili ni kifafa. Mwanga unaomweka haraka unaweza kumsababishia kifafa mtu mwenye wepesi huo, na mwongozo unaotumiwa kwenye kurasa za kompyuta ni kwamba usizidi mimweko mitatu kwa sekunde moja. Akiwapo mtu wa namna hiyo nyumbani, taa izimwe na mtetemo ubebe kazi yote.

Linalobaki ni kuukagua mpango wenyewe. Simu ikisasishwa, baadhi ya ruhusa hubadilika bila taarifa, na mara moja nilikuta fungu la ujumbe limerudi kuwa kimya na programu ya bangili imelazwa upya. Kwa hiyo kila baada ya simu kusasishwa, na vilevile kila mwanzo wa mwezi, mpwa wangu hunifanyia jaribio kwa utaratibu uleule: ananipigia simu ya kawaida skrini ikiwa imefungwa, ananitumia ujumbe wa kawaida, kisha wa WhatsApp, halafu data ikiwa imezimwa anapiga tena, na usiku anapiga mara mbili kwa namba ambayo haina nyota. Asubuhi tunakaa dakani na kuangalia saa aliyotuma na saa niliyohisi. Pakiwa na tofauti, tunaanza kuukagua mpango kuanzia hali ya Vibrate, tukaenda kwenye betri, kisha mafungu ya arifa, na mwisho bangili, kwa mpangilio huo, kwa sababu kila hatua inaitegemea iliyoitangulia.